Gharama halisi ya hisa kutoka kontrakti noti

"Nina kontrakti noti za dalali kwenye PDF. Nizitoeje tarakimu ili nipate gharama ya kununua, kamisheni na tozo zikiwemo?"

Anza na amri hii, mpangilio wa safu haupotei:

```
pdftotext -layout noti.pdf noti.txt
```

Faili likitoka tupu, PDF hiyo ni picha iliyoskaniwa; andika kwa mkono tu, utamaliza mapema.

Kuna ndugu kasema kwamba kwa kamisheni na tozo zote uongeze tu asilimia 2.06 ya thamani. Kakaribia, ila kasahau VAT ya kamisheni. Chukua noti ya DSE ya hisa 1,000 kwa sh 400, jumla 400,000. Kamisheni ya asilimia 1.7 ni 6,800, VAT yake 1,224, tozo za soko, CMSA na wengine 1,440. Unalipa 409,464, yaani sh 409.46 kwa hisa. Kwa njia yake ungepata 408,240. Pengo ni ile VAT yenyewe.

Kwa hiyo usikokotoe viwango, soma kila mstari wa makato kama ulivyochapwa, maana asilimia ya kamisheni hupungua thamani ya ununuzi ikiwa kubwa. Kisha jumlisha na ulinganishe na jumla ya chini ya noti. Zikipishana zaidi ya senti chache, kuna mstari umeuruka, au koma ya maelfu imekuvuruga.

Kuna dada pia kauliza kama gawio linahesabiwa; hilo haliingii kwenye gharama. Hisa za bonasi sijui wengine mnaziandikaje. Mimi nagawa gharama ileile kwa hisa zote.