Gunia moja, hesabu moja: maswali yenu kuhusu ukingo unaopanda

Nimefunga kihisio cha mwanga kwenye mkanda wa kupakia magunia ya mahindi. Kaunta yangu inatumia saa ya hezi 1,000. Gunia moja likipita, inaongezeka karibu 300. Kosa liko wapi? (Msomaji, Kibaigwa)

Gunia linakatiza mwanga kwa takriban milisekunde 300, na saa yako inapiga mara moja kila milisekunde. Kila pigo linakuta kihisio kiko 1, basi kaunta inaongeza moja. Inahesabu muda ambao gunia lipo, wakati wewe unataka kuhesabu kufika kwake, yaani ule mpito mmoja wa kutoka 0 kwenda 1, ndio ukingo unaopanda.

Ili kuuona mpito huo, sakiti lazima ikumbuke hali ya pigo lililopita. Kazi hiyo inafanywa na flipflopu ya aina ya D: Q yake ni kihisio kilivyokuwa pigo moja nyuma. Geti la AND linauliza maswali mawili tu: je, sasa ni 1? Je, zamani ilikuwa 0? Yote mawili yakiwa ndiyo, linatoa palsi. Hivi ndivyo inavyosomeka kila saa inapopiga:

```
pigo la saa   1  2  3  4  5  6
kihisio       0  0  1  1  1  0
Q             0  0  0  1  1  1
palsi         0  0  1  0  0  0
```

Chukua 74HC74 moja, chipu yenye flipflopu mbili za D, na 74HC08 moja, chipu ya mageti ya AND. Kihisio kiende pini 2 ya 74HC74 na pia pini 1 ya 74HC08. Saa iende pini 3 ya 74HC74. Huhitaji chipu ya kugeuza, kwa sababu pini 6 tayari inatoa kinyume cha Q. Ipeleke pini 2 ya 74HC08. Palsi inatoka pini 3 ya 74HC08. Ipeleke kwenye pini ya ruhusa ya kaunta, na kaunta ibaki na saa ileile ya hezi 1,000. Usiitumie palsi yenyewe kama saa. Na kama kihisio chako ni cha volti 24, kishushe kwanza hadi volti 5, la sivyo utaua chipu siku ya kwanza.

Nimeunga sakiti ya namna hiyo kwenye bredibodi, nikaweka taa ya LED kwenye tokeo la geti. Haiwaki kabisa. Chipu imeungua? (Msomaji, Singida)

Huenda ni nzima. Palsi ya milisekunde 1 ni fupi mno, jicho linaweza kuikosa. Punguza saa hadi karibu hezi 1: taimeri ya 555 yenye rezista za kiloomu 10 na 68 na kapasita ya maikrofaradi 10 inatosha. Hapo taa itawaka mara moja kisha izime, hata ukiendelea kushikilia kiganja mbele ya kihisio.

Isipowaka bado, angalia pini 1 na 4 za 74HC74. Zikiachwa hewani zinajiamulia. Pini 4 ikishuka chini, Q inang'ang'ania 1 na taa haiwaki kamwe. Pini 1 ikishuka, Q inabaki 0 na taa inawaka muda wote kihisio kikiwa 1. Zifunge zote mbili kwenye volti 5. Nusu ya pili ya chipu kama huitumii, funga pini 10 hadi 13 pia.

Nafanya mradi wa chuo kwa FPGA yenye saa ya megahezi 50. Ishara inatoka nje na ni safi, nimeipima kwa osiloskopu. Lakini mara hesabu inaruka mbili, mara haisogei. Kwenye simulesheni kila kitu ni sawa. (Mwanafunzi, Dodoma mjini)

Simulesheni yako inabadilisha ishara kwa utaratibu, mbali na pigo la saa. Ishara ya nje haijui saa yako ipo, hivyo inaweza kupanda wakati wowote, hata pale pale saa inapopiga.

Ukiiingiza ishara ghafi kwenye flipflopu na kwenye geti kwa pamoja, inafuata njia mbili zisizo na urefu sawa. Tuseme imepanda palepale kwenye pigo. Flipflopu ikiiona 1 lakini kaunta, kupitia geti, ikawahi kusoma 0, basi pigo linalofuata Q tayari ni 1: palsi imeisha, hujahesabu kitu. Ikiwa kinyume chake, kaunta ikaona palsi huku flipflopu ikisoma 0, pigo linalofuata palsi bado ipo, na kaunta inaongeza tena. Dalili zako zote mbili zina chanzo kimoja.

Kwa megahezi 50 pigo ni nanosekunde 20. Njia zikitofautiana nanosekunde 1 tu, ishara moja kati ya 20 hivi itaangukia kwenye hatari. Kwa ndugu wa Kibaigwa mwenye hezi 1,000, dirisha la nanosekunde 20 ni mara moja kwa 50,000. Hata hivyo namshauri atumie ile nusu ya pili ya 74HC74, maana ameshailipia: pini 5 iende pini 12, saa iende na pini 11, na geti lipokee pini 5 na pini 8.

Wewe weka flipflopu tatu, kwa Verilog:

```
always @(posedge clk) begin
  q1 <= ishara;
  q2 <= q1;
  q3 <= q2;
end
assign palsi = q2 & ~q3;
```

q1 ndiyo inayopokea kishindo. Inaweza kusitasita kati ya 0 na 1, lakini ina karibu pigo zima la kutulia kabla q2 haijaisoma. Kwa hiyo usiipeleke q1 popote pengine. Chunga pia alama ya `<=`. Ukiandika `=` kwa mpangilio huo, q1, q2 na q3 zinabadilika pamoja na palsi haitokei kamwe.

Mimi natumia swichi ndogo yenye mkono, gunia linaisukuma. Hesabu inatoka 3, 4, hata 5 kwa gunia moja. (Msomaji, Manyoni)

Sakiti inasema kweli: bati za swichi zinadunda kwa milisekunde kadhaa, na kila mdundo ni ukingo halisi. Safisha kabla ya flipflopu. Rezista ya kiloomu 10 kutoka volti 5 hadi swichi, swichi hadi ardhi, kapasita ya maikrofaradi 1 sambamba na swichi, kisha chipu ya kugeuza ya 74HC14. Kapasita inahitaji milisekunde kadhaa kupanda tena, kwa hiyo midundo mifupi haifiki kizingiti. 74HC14 inageuza, na hiyo ndiyo unayoitaka: swichi ikibanwa, tokeo linapanda.

Umeme ukikatika na kurudi gunia likiwa mbele ya kihisio, kaunta yenye betri inaongeza moja ya bure. Nifanyeje? (Msomaji, Kongwa)

Flipflopu zako zimeamka na 0, zikakuta 1, zikadhani gunia limefika. Ziamshe na 1. Kwenye sakiti ya flipflopu mbili, pini 1 na 13 ziende volti 5. Pini 4 na 10 ziunge pamoja, rezista ya kiloomu 10 kwenda volti 5 na kapasita ya maikrofaradi 10 kwenda ardhi. Hazitaachia hadi karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya umeme kurudi. Gunia lililosimama halitahesabiwa tena. Kama hakuna gunia, Q zote zitashuka kimyakimya na linalofuata litahesabiwa kama kawaida.