Tangazo lina tarehe isiyolingana na siku

“Tangazo linasema mwisho wa maombi ni Jumatatu tarehe 15, lakini tarehe 15 ni Jumanne. Niwaandikieje bila kuwaudhi?”

Andika barua fupi. Jibu la mdomo halitakulinda. Taja kumbukumbu namba na tarehe ya tangazo, kisha nukuu sentensi yao kama ilivyo. Endelea: “Kwa kalenda, tarehe 15 ni Jumanne. Naomba masahihisho ya maandishi yanayoonyesha siku na tarehe iliyo sahihi.” Usiwachagulie jibu, maana huenda kilichokosewa ni tarehe, si siku. Na usiandike “mmekosea”; kalenda inatosha kusema.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Hata hivyo usisubiri majibu: wasilisha maombi kabla Jumatatu tarehe 14 haijaisha. Kama ni muda wa rufaa, muone mwanasheria mapema.