Kutoa nywele za kunyooka na kuweka mistari kwenye picha: ugumu uko wapi hasa

Ombi linakujaga hivi: niko na picha nzuri, nguo imekaa, uso umetoka vizuri, ila nywele ni za kunyooka na mimi nataka nionekane nimesuka mistari, au nataka ziwe za kujikunja. Mtu akisema hivyo anawaza nywele peke yake, utoe hizi uweke zile, basi. Mimi naediti picha hapa Kampala, nyingi za harusi na kwanjula, ile sherehe ya bwana kutambulishwa kwa wazazi wa binti, na nakuambia nywele mpya ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kinachosumbua ni vile vitu ambavyo nywele za zamani zilikuwa zimevifunika. Kamera haikuviona, kwa hiyo havipo kwenye faili, hata ufanye nini.

Fikiria nywele za kunyooka zinavyokaa. Zinashuka kutoka kichwani, zinafunika masikio, zinapita juu ya shavu, zinaficha taya na shingo, halafu zinalala begani. Sasa mistari inaenda nyuma yote. Ukishaiweka inabidi masikio yaonekane, taya lionekane, shingo ionekane, bega lionekane, na ngozi ya kichwa yenyewe ionekane katikati ya mstari na mstari. Hivyo vyote unavitoa wapi? Ndiyo maana picha nyingi za namna hii zinamfanya mtu aonekane amevaa kofia ya mistari, kwa sababu aliyeediti amebandika nywele juu ya nywele, hakusafisha kichwa kwanza.

Nichukue kazi moja niieleze vizuri. Mama mmoja alikuwa senga, yaani shangazi, kwenye kwanjula ya binti wa kaka yake, amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima la kinamama wa Uganda, kichwani ana wigi ya kunyooka inayofika mabegani. Picha ilikuwa ya kutengenezewa fremu ya sebuleni, saizi ya A3, na picha zingine zote za hiyo fremu yuko na mistari ya kurudi nyuma, kwa hiyo alitaka zifanane. Swali langu la kwanza halikuwa la kompyuta. Nikamuuliza, "Mama, mistari ya kwenye zile picha zingine bado iko kichwani?" Akasema, "Iko mwanangu, nafumua Jumamosi." Nikamwambia usifumue, njoo kwanza, na gomesi uje nayo.

Hapo ndipo kazi inapookolewa. Nywele za kuazima kwa mtu mwingine zinakuja na fuvu la mtu mwingine, na paji la mtu mwingine, na mahali pengine ambapo nywele zinaanzia. Mwenyewe akiwa amesukwa, sikio ni lake, shingo ni yake, na ule mstari wa nywele kwenye paji ni wake. Kama mwenyewe hayupo, tafuta mtu wa rangi moja naye na umbo la kichwa linalokaribiana, umwombe ruhusa umpige. Kuchukua kichwa cha dada wa watu mtandaoni usifanye, hajakupa ruhusa, na isitoshe hutapata pembe inayolingana.

Pembe ndiyo inaumbua watu. Senga kwenye picha alikuwa amegeuka kidogo kushoto kwake na kidevu kimeshuka kidogo. Mistari inafuata mviringo wa kichwa, ya upande ulio karibu na kamera inaonekana mipana na imeachana, ya upande wa mbali inabanana mpaka inakuwa kama nyuzi. Kichwa cha kuazima kikiwa kimegeuka zaidi au pungufu, hata kama ni kidogo tu, mistari inaelekea huku na pua inaelekea kule, na mtu yeyote anayeangalia anasikia kuna shida hata kama hajui kuitaja. Nikafungua ile picha ya asili kwenye leptopu nimwekee pembeni ili ageuke nikilinganisha macho na sikio. Halafu kuna umbali. Taarifa za faili zilionyesha lenzi ya milimita 85, maana yake mpiga picha alisimama mbali kidogo. Ukimpiga na simu ukiwa karibu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, hiyo huirekebishi baadaye. Simama mbali, tumia lenzi inayokaribiana na ile.

Mwanga nao. Kwanjula ilikuwa ndani ya tenti nyeupe iliyopambwa kwa vitambaa vya njano, mwanga unaingia kutoka upande mmoja ulio wazi, upande wake wa kulia. Nikamkalisha dirisha likiwa kuliani na nikatundika shuka nyeupe dirishani mwanga ulainike. Ile njano ya vitambaa sikuweza kuiiga dirishani, hiyo nikaiongeza mwishoni kwa brashi, rangi hafifu sana kwenye sehemu zinazong'aa tu, kwa sababu nywele nyeusi zinaakisi rangi ya kilichoko juu yake.

Sasa Photoshop. Kabla ya kuleta mistari, nilitoa wigi yote nikajenga kichwa kitupu. Wigi inaongeza kimo, watu wanasahau hiyo. Kuna kanuni ya wachoraji ambayo inasaidia sana: macho yako karibu katikati ya kichwa, yaani kutoka kidevu mpaka macho ni karibu sawa na kutoka macho mpaka utosini. Kwake, kidevu mpaka macho ilikuwa pikseli 620, na macho mpaka juu ya wigi ilikuwa 700 hivi. Kwa hiyo kuna pikseli karibu 80 za hewa ambazo ni za wigi, si za kichwa, na hapo nyuma panatakiwa paonekane kitambaa cha tenti. Kanuni hii inayumba mtu akiwa ameinua kidevu au ameinamisha sana, kwa hiyo itumie kama mwongozo, halafu macho yako yaamue.

Bega ndilo lilinipa kazi. Gomesi ina mabega yaliyochongoka, na shingo yake ya mraba ina vifungo viwili upande wa kushoto. Wigi ilikuwa imefunika bega la kushoto na kifungo kimoja. Njia ya haraka ni kukopi bega la kulia ukaligeuza, lakini bega la kulia halina vifungo, na hapa Uganda hakuna mama atakayeangalia gomesi asijue vifungo vinakaa wapi. Ndiyo maana nilimwambia aje na gomesi yenyewe. Bega, kifungo, shingo na sikio, vyote nilivitoa kwenye ile picha ya dirishani.

Mistari yenyewe nikaiweka kwenye leya ya peke yake na nikairekebisha kwa Warp kidogo sana. Hapa chunga. Ukiangalia mstari mmoja kwa karibu, ni msururu wa vifundo vidogo vinavyofanana na herufi V, vinaanza vidogo kwenye paji vinakua taratibu kuelekea nyuma kadiri msusi anavyoongeza nywele. Ukivuta picha kwa Liquify ili mistari ifike unapotaka, hizo V zinarefuka mahali fulani na kubaki fupi mahali pengine, na hakuna msusi anayesuka hivyo. Kama lazima uvute sana, ni kwamba picha uliyopiga pembe yake haifai, rudia kupiga.

Ngozi ya kati ya mistari isichukuliwe shavuni. Mara nyingi ngozi ya kichwa ina rangi hafifu kidogo kuliko uso kwa sababu jua haliifikii, na ikipakwa mafuta inang'aa kwa namna yake. Na pale mistari inapoanzia pasiwe na ukingo mkali, kuna vinyweleo vifupi visivyoingia kwenye suko, ukivifuta mtu anaonekana amechorwa.

Halafu mng'ao. Nywele za kunyooka zimelala sambamba, kwa hiyo mwanga unatoa utepe mmoja mrefu unaozunguka kichwa. Kwenye mistari huo utepe unavunjika, kila kifundo kinapata nukta yake ndogo. Nimeona picha ambapo mistari ni mizuri lakini utepe wa mng'ao wa wigi bado unapita juu yake, hapo kazi yote imeharibika. Vilevile kivuli. Wigi ilikuwa inatupa kivuli shavuni na shingoni, ikiondoka kivuli nacho kiondoke, halafu uweke kile kidogo kilicho nyuma ya sikio na chini ya taya, leya ya Multiply, ile inayokoleza kilicho chini yake, brashi laini, rangi ya kahawia ya ngozi yake iliyokolezwa. Ukitumia nyeusi tupu ngozi inakuwa kijivu.

Wanaotaka za kujikunja shida yao ni ukingo. Nywele zikijikunja zinapanda juu na kutanuka, kwa hiyo nafasi mpya inatakiwa pembeni ya kichwa, na katikati ya mizunguko kuna matundu ambayo nyuma panaonekana. Kuzikata moja moja ni mateso. Mimi namkalisha mtu mbele ya ukuta mweupe wenye mwanga wa kutosha, halafu leya ya ukingo naiweka Multiply, weupe unapotea wenyewe na nywele nyeusi zinabaki na matundu yake. Inafanya kazi kama nyuma ya picha ya asili ni pa mwanga. Kama ilipigwa usiku au nyuma kuna pazia jeusi, haitasaidia, inabidi utengeneze maski kwa chaneli, na hapo nachaji zaidi kwa sababu ni kazi ya siku nzima. Kubonda nywele za kunyooka kwa Liquify mpaka zionekane zimejikunja usijaribu, zinatoka mawimbi yote yakiwa sawasawa, na nywele za kujikunja zenyewe kila mzunguko una ukubwa wake na kila mmoja unashika mwanga pale unapopinda.

Kabla ya kuprinti naangalia vitu viwili. Naiangalia kwa asilimia 100 kuona kama chembechembe za picha zinalingana, kwa sababu picha ya tenti ilipigwa kwa mwanga mdogo ina chembe, ya dirishani ni safi, kwa hiyo leya ya mistari naiongezea Noise kidogo na Gaussian Blur isiyozidi pikseli 1. Halafu naigeuza kama kwenye kioo, macho yanaiona upya, kichwa kilichokaa upande kinajitokeza hapohapo.

Na kazi ninazokataa zipo. Nywele zinazopeperushwa na upepo juu ya uso, mtu aliyeegemeza kichwa kwa mwenzake, picha ya kundi ambapo nywele zake zimegusa watu wawili. Hizo namwambia mteja aende asukwe apige picha mpya, atalipa kidogo na atapata kitu cha kweli. Ukiniletea picha, nitumie WhatsApp kama dokyumenti, usitume kama picha ya kawaida, kwa sababu ile ya kawaida inabanwa mpaka nywele zinakuwa tope jeusi na hapo hata mahali paji linapoishia siwezi kupaona.