Pampu ya pumu pamoja na ritonaviri

"Mama anavuta flutikasoni ya pumu, na ARV zake zina ritonaviri. Uso umevimba, tumbo limekua. Kwani dawa ya kuvuta haiishii kwenye mapafu?"

Haiishii huko, ndugu. Sehemu yake huingia kwenye damu, na kwa kawaida ini huivunja upesi. Ritonaviri huzuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, hivyo flutikasoni, ambayo ni steroidi, hujaa mwilini, ndipo uso na tumbo huvimba. Ubongo ukiona steroidi tele, huacha kuziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitengeneze kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Kwa mtu kama mama, hata sindano moja ya triamsinoloni, steroidi nyingine, kwenye goti yaweza kuleta mkasa uleule. Krimu ya klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, huleta mkasa huo hata bila ARV: anayejichubua mwili mzima kwa miezi yumo hatarini, na mtoto anayepakwa zaidi.

Asiache pampu ghafla! Tezi zilizolala haziamki siku hiyo. Hapo ndipo huja kutapika, kuishiwa nguvu na kizunguzungu akisimama, na hali hiyo ni ya dharura. Daktari apime kotisoli asubuhi, mnamo saa mbili, kisha aangalie kumhamishia pampu ya beklometasoni, huku akimpa haidrokotisoni ya kufidia kotisoli ikihitajika. Kipimo kikiwa chini, akipata homa kali au akihitaji upasuaji, wahudumu waambiwe mapema.