Nondo hunyamaza kabla ya rangi: kwa mnaoanza kazi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi

Wewe uliyeajiriwa majuzi kuandika mauzo na madeni kwenye duka la vifaa vya ujenzi, daftari ulilokabidhiwa litakuonyesha hali ya uchumi kabla ya gazeti lolote. Vitabu hutaja awamu nne: uchumi hupanuka, hufika kilele, huingia mdororo, kisha hufufuka. Shida ni kwamba awamu hizo hutambuliwa rasmi zikiwa zimeshapita. Uchumi wa Marekani ulifika kilele Desemba 2007, na kamati ya wanauchumi inayoweka tarehe hizo ilikuja kulitangaza tarehe 1 Desemba 2008. Hapa Kenya, Shirika la Takwimu la Taifa hutoa hesabu za robo mwaka takriban miezi mitatu baada ya robo yenyewe kwisha. Mwenye duka hawezi kungoja hivyo, kwa sababu nondo za mwezi ujao anaziagiza leo.

Chukua miaka ya 2022 hadi 2025, maana ni mzunguko mzima uliopita mbele ya macho yetu. Mei 2022 Benki Kuu ilianza kupandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7, ikipambana na mfumuko wa bei na baadaye na shilingi iliyokuwa ikianguka. Kufikia Februari 2024 riba hiyo ilikuwa asilimia 13. Mwezi huohuo serikali iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Jiweke kwenye nafasi ya mtu mwenye milioni kumi na kiwanja. Akijenga nyumba za kupangisha atahangaika na mafundi, kibali cha kaunti na wapangaji wasiolipa. Akiikopesha serikali, analala na pesa inaingia. Wengi waliacha kiwanja kiote nyasi. Mwaka 2024 sekta ya ujenzi ilisinyaa kwa asilimia 0.7, ilhali uchumi wa nchi kwa jumla ulikua kwa asilimia 4.7. Kwa hiyo ukimsikia waziri akisema uchumi unakua huku duka lako limepoa, huenda nyote wawili mnasema kweli. Sekta inaweza kuwa na mdororo wake ndani ya nchi inayokua.

Sasa, utaonaje hayo dukani? Usianze na jumla ya mauzo. Angalia ni bidhaa gani inayotoka. Nyumba ina mpangilio wake: kwanza mawe ya msingi, nondo, kokoto na saruji, halafu mbao na mabati, mwisho vigae, vitasa, nyaya na rangi. Mtu akiingiwa na hofu haachi nyumba iliyofika lenta. Huimalizia polepole, ila ile mpya aliyokuwa ameipanga haianzi. Ndiyo maana nondo hunyamaza kwanza, na rangi inaendelea kuuzwa vizuri miezi mingi baadaye. Karani mgeni huona rangi inakwenda akasema mambo ni shwari. Mzoefu huuliza: ni lini mara ya mwisho tulipeleka nondo kwenye msingi mpya?

Mdororo ukishakaa, kikapu hubadilika tena. Badala ya mabati mapya, watu hununua misumari na gundi ya kuziba yanapovuja. Anayenunua rangi huomba kopo la lita moja badala ya ndoo ya lita 20. Bidhaa za ukarabati hushika nafasi, na faida ya kila moja ni ndogo. Vibarua nao huanza kufika dukani asubuhi kuuliza kama kuna mahali pa kazi. Wakati wa upanuzi mambo huwa kinyume: fundi mzuri unamtafuta wiki nzima, naye anakutajia bei bila kukuangalia usoni.

Kilele ndicho kigumu kukitambua, kwa sababu kila kitu huonekana kizuri. Mauzo yako juu, lori la kusafirisha linasubiriwa, wateja wapya wanaingia. Hapa ndipo daftari la madeni hufanya kazi. Gawanya jumla ya madeni mnayodai kwa mauzo ya mkopo ya mwezi, kisha zidisha kwa 30. Tuseme duka huuza kwa mkopo shilingi milioni 2 kwa mwezi na linadai milioni 2. Maana yake pesa inarudi kwa siku 30. Baada ya nusu mwaka mauzo ya mkopo yamefika milioni 2.4 kwa mwezi, na bosi anafurahi. Lakini madeni yamefika milioni 4. Gawanya: pesa sasa inarudi kwa siku 50. Mauzo yamepanda kwa asilimia 20, madeni yamerudufika, na ongezeko lote la mauzo limesimama juu ya ahadi za watu. Hiyo ndiyo dalili ya kilele ninayoiamini kuliko nyingine zote. Mkandarasi anayengoja malipo ya kaunti au ya wizara hukuchelewesha wewe kwanza, kwa kuwa wewe huna askari wala mahakama yako. Hundi zilizorudi huja baadaye, na zikishaanza kurudi umeshachelewa.

Kuna mambo mawili yatakayokupotosha. La kwanza ni bei. Mwaka jana mliuza mifuko 1,000 ya saruji kwa shilingi 700, yaani 700,000. Mwaka huu mmeuza mifuko 920 kwa 780, yaani 717,600. Kwa shilingi mmekua, kwa mifuko mmeshuka kwa asilimia 8. Kipindi cha mfumuko wa bei, hesabu ya shilingi peke yake inaweza kukufichia mdororo mwaka mzima, kwa hiyo andika mifuko, vipande na mita pembeni ya pesa. La pili ni msimu. Januari ni karo, mvua ya masika huzuia kuchimba misingi, na Desemba watu wengi wako mashambani kwao wakijenga huko. Linganisha Machi na Machi ya mwaka uliopita, usiilinganishe na Februari. Na kama jirani amefungua duka kubwa ng'ambo ya barabara, waulize madereva wa lori wanapeleka mzigo wapi kabla hujailaumu nchi.

Ufufuo hauji kwa kishindo. Benki Kuu ilianza kushusha riba Agosti 2024, lakini benki za biashara zilichukua muda kupunguza za kwao, na sekta ya ujenzi ilirejea kukua mwaka 2025. Kati ya hapo dukani palikuwa bado pamepoa. Dalili ya kwanza utakayoiona ni watu kulipa madeni ya zamani bila kufuatwa, na siku zile 50 kuanza kurudi 45, halafu 40. Ya pili ni mafundi kuja kuuliza bei ya nondo bila kununua. Andika maulizo hayo, hata kama mwenzako wa kaunta ataona unapoteza wino. Yakiongezeka miezi miwili mfululizo, mwambie bosi aagize nondo za milimita 10 na 12 kabla ya nyingine, maana ndizo zinazoingia kwenye nyumba za kawaida. Mkopo mpya mpe kwanza yule aliyelipa deni lake la zamani kidogokidogo wakati wa ukame, hata kama oda yake ni ndogo kuliko ya mkandarasi mpya aliyekuja na gari zuri.