Kamusi za mtandaoni zinazojazwa na watu

"Tovuti za tafsiri ambazo yeyote anaongeza maneno na hakuna anayehakiki, nitajuaje ipi ya kuamini?"

Amini ile inayokuonyesha nani kaandika. Tatoeba, kwa mfano, ambayo ni tovuti ya sentensi na tafsiri zake, kwenye sentensi kuna jina la mchangiaji. Bofya uone kama Kiswahili amekitaja kuwa lugha yake ya kwanza. Angalia pia kama tafsiri imetoka moja kwa moja au imepitia lugha ya tatu, maana wao huzitenganisha, na hizo za kupitia lugha nyingine ndizo hupotoka zaidi. Wiktionary nayo ina historia ya ukurasa, utaona nani kabadilisha nini na lini.

Anayekushauri ulinganishe tovuti tatu yuko sahihi nusu. Nyingi hunakili kutoka chanzo kimoja, kwa hiyo kosa moja utalikuta kote.

Mimi hufasiri kila siku, na tovuti mpya huijaribu kwa neno "paa". Ikinitenganishia paa la nyumba (wingi mapaa), paa mnyama, kupaa angani na kupaa samaki magamba, najua kuna mtu aliyekaa nalo. Ikinimwagia maana zote kwenye mstari mmoja bila ngeli wala wingi, naiacha.

Ila jina la mchangiaji si uthibitisho, kila mtu hujitangazia kiwango chake mwenyewe. Kwa hati ya mahakama au dawa, rudi kwenye kamusi ya TUKI au muulize mtu wa fani hiyo.