Chupa ya mililita 50 iliyogeuka lita nzima

Picha ya kwanza niliyotengeneza kwa akili mnemba na kumpelekea mteja ilikuwa nzuri kweli. Jua la asubuhi, kaunta ya mbao, na chupa yake ya mafuta ya mikono imesimama kando ya sinki. Alijibu kwa sentensi moja: "Mbona chupa yangu inalingana na birika?" Nikatazama tena. Chupa ya mililita 50, yenye kimo cha sentimita 9, ilikuwa imefika bega la birika la maji. Mnunuzi angeipokea iliyo halisi na kudhani ametapeliwa.

Wakati huo nilidhani dawa ni kuandika vipimo, nikaongeza "kimo sentimita 9" kwenye prompti, yaani maelezo ninayoiandikia programu. Haikubadilika chochote cha maana. Programu hizi za akili mnemba hazishiki rula. Zimejifunza kwa kutazama picha, na picha nyingi za bidhaa hupigwa kwa karibu, bidhaa ikijaza fremu. Ukitaja "picha ya tangazo la bidhaa", umeshaiomba ikuze. Picha ya mfano unayoipakia ikiwa ni chupa peke yake kwenye mandhari nyeupe, imejaa juu hadi chini, nayo inasukuma upande huohuo.

Kinachosaidia ni jirani. Tafuta kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, ukiweke umbali uleule na bidhaa, kisha useme vinavyolingana. Magi ya kawaida ina kimo cha karibu sentimita 9.5, kwa hiyo chupa yangu ilipaswa kuwa chini ya ukingo wake kidogo tu. Niliandika hivi:

```
Kaunta ya jikoni kando ya sinki. Chupa ndogo ya mafuta
ya mikono imesimama bega kwa bega na magi; kifuniko
cha chupa kiko chini kidogo ya ukingo wa magi.
Nyuma yake, sponji ya kuoshea vyombo na bomba.
Kamera iko usawa wa kaunta, lenzi ya milimita 50.
```

Neno "bega kwa bega" lina kazi. Magi ikisogea nyuma itaonekana ndogo, na ulinganisho utakufa. Lenzi nayo si pambo: ukiomba lenzi pana iliyo karibu sana, kitu cha mbele kinavimba, ukiomba picha ya makro, ukungu wa nyuma unafanya jiko lionekane kama la mwanasesere.

Usiamini jicho lako baada ya kutazama picha thelathini. Pima. Katika picha niliyokataliwa, magi ya nyuma kidogo ilikuwa na pikseli 170 na chupa 300, yaani chupa karibu mara 1.8 ya magi. Ilitakiwa iwe kama 0.95. Hata ukipunguza kidogo kwa sababu ya ule umbali, tofauti hiyo haifichiki.

Ila kuna bei ya ukweli huu, na wateja hawaipendi. Fremu ikionyesha upana wa sentimita 120 za kaunta, chupa yenye upana wa sentimita 4 inapata sehemu moja ya thelathini. Kwenye picha ya pikseli 1536 hizo ni pikseli 51, na lebo haisomeki. Usiikuze chupa, isogeze kamera. Fremu ya sentimita 40 inaipa pikseli 154, na ukubwa unabaki wa kweli. Jiko zima na lebo inayosomeka havikai pamoja kwenye picha moja ya chupa ndogo.

Siku hizi kazi ikiwa ya malipo, natengeneza kwanza mandhari tupu yenye magi peke yake. Magi ikitoka na pikseli 400, nabandika picha halisi ya chupa kwa kimo cha pikseli 380 hivi, kisha naiambia programu irekebishe kivuli na mwanga kuzunguka chupa tu. Angalia mdomo wa magi: ukionekana kama duara lililobanwa huku kifuniko cha chupa ni mstari ulionyooka, kamera ya mandhari na ile iliyopiga chupa hazikubaliani, na chupa itaonekana kama stika.

Ofisini mambo ni mepesi, kwa kuwa karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297, ipo kila mahali na hudanganyi mtu nayo. Meza ya sokoni ndiyo inayonitesa. Ukiomba chupa nyingi zilizopangwa, kila safu inatoka na ukubwa wake. Mimi naomba safu moja tu mbele, na mkono wa muuzaji umeshika chupa moja, vidole vikiizunguka na kukutana na kidole gumba. Mkono ukikaa hivyo, chupa haina pa kukulia. Safu za nyuma naziacha zipotee kwenye ukungu.